Majirani wa Gerji, Addis Ababa: kahawa ya Jumapili kwa Weizero Almaz

Ijumaa

Mama Salma, saa 1:40 asubuhi: Asalaam aleikum na habari za asubuhi, majirani wote. Jana jioni Weizero Almaz wa nyumba ya chini alinishika mkono langoni akaniambia, "Buna tetu," na baadaye mjukuu wake akanitumia ujumbe unaosema "Ihud, 9:00". Ametualika sote wa ghorofa ya pili na ya tatu. Naomba kila mmoja aseme leo kama atakuwepo, kwa sababu sitaki tena kuwajibia watu wasiofika. Nimeandaa jibu hili: "Ishi, amesegenalehu." Nitalituma saa 4.

Mama Salma, saa 3:15 asubuhi: Naona watu kumi na mmoja wamesoma na hakuna aliyejibu.

Kassim, saa 3:20 asubuhi: Nitakuwepo, dada. Ila "tetu" si ni amri? Ametuambia tunywe kahawa, hajatuuliza kama tunataka.

Mwalimu Rehema, saa 3:34 asubuhi: Kassim, ni amri kwa umbo lake, lakini ndivyo wanavyokaribishana hapa, kama sisi tunavyosema "karibu chai" hata kama birika halijawekwa motoni. Mama Salma, nakuomba usubiri kidogo kabla ya kutuma. "Amesegenalehu" ni mtu mmoja anayeshukuru. Ukijibu kwa niaba yetu sote, sema "inamesegenalen", yaani tunashukuru. Na "ishi" peke yake ni "haya" tu, inaweza kumwacha mtu hajui kama tunakuja. Andika hivi: "Ishi, inimetalen. Inamesegenalen." Hapo amesikia kwamba tumekubali, tutakuja, na tunashukuru.

Mama Salma, saa 3:41 asubuhi: Nimebadilisha na nimetuma. Amejibu mjukuu kwa neno moja tu, "Amen," ingawa sikuwa nimeomba dua yoyote.

Otieno, saa 6:05 mchana: Samahani, nilikuwa kazini. Jumapili saa 3 asubuhi mimi niko kanisani, kwa hiyo sitaweza.

Mama Salma, saa 6:07 mchana: Nani amesema saa 3 asubuhi?

Otieno, saa 6:09 mchana: Ujumbe wa mjukuu unasema 9:00. Kwenye simu yangu hiyo ni asubuhi.

Mwalimu Rehema, saa 6:30 mchana: Otieno, umesahau tuko wapi. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo tisa yao ni saa 9 yetu ya alasiri. Isitoshe, Jumapili asubuhi Weizero Almaz mwenyewe yuko kanisani na netela yake nyeupe mabegani. Hawezi kuwa anakaanga buni wakati huo. Hata hivyo vijana wa maofisini siku hizi huandika saa kwa kufuata simu, ndiyo maana ni vizuri kuuliza. Mama Salma, mwulize mjukuu kama ni "kese'at behwala", yaani mchana baada ya adhuhuri.

Kassim, saa 6:33 mchana: Basi Otieno angefika saa 3 asubuhi na kukuta mlango umefungwa, akabaki na paka wa langoni. 😂

Otieno, saa 6:35 mchana: Paka yule ananipenda kuliko wewe.

Mama Salma, saa 6:36 mchana: Tafadhali tusiingize paka hapa. Nimeuliza, ni alasiri. Otieno, nimekuandika kwamba unakuja.

Shangazi Tabu, saa 8:12 mchana: Wanangu, mimi nina presha na daktari amenikataza kahawa kali. Mwaka ule nilikunywa vikombe vyote vitatu na sikupata usingizi mpaka alfajiri. Nikikataa nitaonekana nina kiburi?

Mwalimu Rehema, saa 8:40 mchana: Shangazi, kilichokukeshesha ni cha kwanza, kile wanachokiita abol, kwa sababu ndicho kinachobeba nguvu yote ya unga. Baada ya hapo mwenyeji huongeza maji kwenye jebena, lile birika la kahawa, juu ya unga uleule na kuichemsha tena, ndipo inapotoka tona, na mara ya tatu bereka, ambayo ni nyepesi kabisa. Mweleze mapema, kabla hajaanza kumimina, kwamba una presha, nawe upokee sini yako ya abol, uonje, uiweke mbele yako. Akija na bereka unaweza kuinywa, maana vikombe vyenyewe ni vidogo na havijazwi sana. Kinachoumiza ni kukataa kupokea, au kuondoka katikati.

Mama Salma, saa 8:44 mchana: Na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Mara ya mwisho tuliaibika na kila mmoja anajua ni kwa sababu gani.

Baba Neema, saa 10:20 jioni: Mama Salma, kama unanisema mimi, sema wazi.

Mama Salma, saa 10:22 jioni: Nasema wazi. Uliinuka baada ya abol. Mama wa watu alikuwa amepiga magoti anaongeza maji kwenye jebena, na wewe ukavaa viatu.

Baba Neema, saa 10:31 jioni: Nilipigiwa simu ya dharura, na wote mlisikia ikilia. Na kabla ya kuondoka nilimshukuru kwa Kiamhari, jambo ambalo wengine hapa hamkulifanya.

Kassim, saa 10:33 jioni: Ulimwambia "ijih yibarek", Baba Neema. Umemwita mwanamume. Kwa mwanamke ni "ijish".

Mwalimu Rehema, saa 11:02 jioni: Kassim, uko sawa nusu. "Ijih" ni mkono wa mwanamume na "ijish" ni wa mwanamke, lakini unavyosema na dada yako sivyo unavyosema na mtu wa umri wa mama yetu. Kwa mkubwa, mwanamume au mwanamke, heshima ni "ijwo yibarek". Sisi Waswahili hatuna tofauti hiyo katika "mkono wako", ndiyo maana inatuponyoka. Tukishapokea sini, kila mmoja amwambie "ijwo yibarek", nasi tutakuwa tumeombea baraka mkono uliokaanga, uliotwanga na uliomimina.

Baba Neema, saa 11:04 jioni: Kwa hiyo nilikosea. Sikukusudia kumvunjia heshima.

Mwalimu Rehema, saa 11:10 jioni: Najua. Mgeni hasemwi kwa kukosea herufi. Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye, na nilimwona alivyoitazama sini yako aliyokwisha kuipanga kwenye rekebot, ile meza ndogo ya vikombe, kwa ajili ya tona. Alimimina zote, na ya kwako akaimimina pia, ikapoa hapo.

*Kimya kilidumu zaidi ya saa mbili.*

Bibi Mwanaidi, saa 1:50 usiku: Wanangu, nimesoma yote, mjukuu wangu amenisomea na sehemu nyingine nimerudia mwenyewe. Nasema hivi. Hatuinuki kabla ya bereka. Atakayejua ana kazi Jumapili, asije kabisa na amwombe radhi mama yule mapema, kwa sababu kutokuja kunasameheka na kuondoka katikati hakusameheki upesi. Baba Neema, wewe ni mwanangu; utakwenda mapema dakika kumi, utabisha hodi, na utamwambia mwenyewe kwamba safari hii umekuja kukaa. Na neno hilo la yibarek nimelitambua bila kufundishwa, kwani si ndiyo baraka yetu hiyohiyo?

Shangazi Tabu, saa 1:55 usiku: Nimekuelewa, mama.

Otieno, saa 1:56 usiku: Nimekuelewa, Bibi.

Jumamosi

Mama Salma, saa 2:05 asubuhi: Sasa zawadi. Nimefikiria keki kubwa ya siagi na maziwa kutoka duka la kona. Kila nyumba ichange birr 200.

Mwalimu Rehema, saa 2:50 asubuhi: Mama Salma, keki hiyo italetwa mezani na kuondolewa bila kuguswa. Sasa hivi wako katika Mfungo Mkuu wa siku 55 kabla ya Pasaka, na mama yule hatumii nyama, maziwa, siagi wala mayai, hata Jumapili. Ndiyo maana mara hii utaona bisi na kolo, zile nafaka za kukaanga, tu pembeni ya kahawa. Twende na sukari kilo mbili na buni mbichi kilo moja, vitu ambavyo nyumba inayochemsha kahawa kila siku haivikatai.

Shangazi Tabu, saa 3:10 asubuhi: Na kashata za karanga? Sukari, karanga na iliki, hakuna maziwa ndani yake. Kwetu Tanga kahawa chungu bila kashata hainyweki.

Mwalimu Rehema, saa 3:14 asubuhi: Hizo zinafaa sana, Shangazi.

Kassim, saa 3:30 asubuhi: Mimi nina jambo lingine. Nimewasikia majirani wakishukuru kwa "Egziabher yistilin". Sisi Waislamu tuseme hivyo?

Mwalimu Rehema, saa 4:01 asubuhi: Maana yake ni Mungu akulipe kwa niaba yetu, na Egziabher ndilo jina wanalomwita Mungu Wakristo wa hapa. Ukiona uzito, "inamesegenalen" inatosha na hakuna atakayekuhoji. Majirani wetu Waislamu wa hapahapa Addis wana namna yao ya kushukuru, na Weizero Almaz amekaa nao maisha yake yote.

Kassim, saa 4:05 asubuhi: Bado nitamwuliza sheikh. Sitaki kukosea.

Mama Salma, saa 4:20 asubuhi: Uliza, lakini kabla ya kesho saa 9. Jambo la mwisho: baada ya bereka huenda akamwomba mgeni mkubwa kuliko wote atoe baraka. Huyo ni Bibi. Bibi, uko tayari?

Bibi Mwanaidi, saa 7:15 mchana: Nitaomba kwa Kiswahili, Mungu anakisikia. Nipeni neno moja fupi tu la kwao la kumalizia.

Mwalimu Rehema, saa 7:22 mchana: "Abro yanuren," Bibi. Mungu atuweke pamoja. Utakapolisema, wao watajibu "Amen" kabla hujafunga kinywa, nasi tujibu pamoja nao. Na kabla ya hayo yote, atakapokuletea kikaango chenye buni zinazotoa moshi, usikipokee kwa mikono. Vuta moshi kwa kiganja kuelekea usoni mwako mara mbili tatu, umwambie kwamba moshi unanukia vizuri. Buni zitakuwa nyeusi na zinang'aa kwa mafuta yake, na hapo ndipo anapotaka uzione kabla hajazitwanga.

Bibi Mwanaidi, saa 7:40 mchana: Abro yanuren. Abro yanuren. Nimelishika.

Mama Salma, saa 12:30 jioni: Waliochanga ni nyumba tatu kati ya saba. Sukari ipo. Buni mbichi nani atanunua? Kesho maduka mengi ya karibu yatafunguliwa kwa kuchelewa.

Mama Salma, saa 2:15 usiku: Nauliza tena kuhusu buni.

Jumapili

Otieno, saa 4:50 asubuhi: Nimetoka kanisani sasa hivi. Je, ile buni ilishanunuliwa?

Baba Neema, saa 8:35 mchana: Nimenunua mimi, kilo moja, mbichi, kutoka Yirgacheffe. Niko ngazini nashuka. Mwalimu, ni "ijwo", siyo "ijish", sivyo?

Mwalimu Rehema, saa 8:37 mchana: Ndiyo, "ijwo". Ukishabisha hodi, mpe buni kwa mikono miwili.

Mama Salma, saa 8:58 mchana: Kassim, sheikh amesema nini? Na nyumba nne zinazodaiwa birr 200, nawasubiri mlangoni.