Wateja wanauliza bei ya mashuka WhatsApp halafu kimya, naombeni ushauri

mama_mashuka: Habari zenu wapendwa. Nauza mashuka hapa Dar, mzigo nachukua Kariakoo, wateja nawapata Insta na status. Mtu anauliza "bei?" namjibu "35,000", tiki za bluu naziona, halafu kimya. Wa mikoani ndo kabisa, wanaishia "sawa ntakucheki". Niongee nao vipi mpaka walipe?

Kijana wa Tandika: Bei usitaje kwenye chati dada, mpigie, sauti inauza kuliko maandishi.

Bi Mapazia: Kupiga kunasaidia akishaonesha nia, ila mtu kauliza bei ukamzungusha anahama, maana hapo kashaulizia na maduka mengine. Mama mashuka bei taja ila usiishie hapo, ukijibu "35,000" tupu hana cha kukujibu. Mimi naandika "Karibu dada, hilo la 6 kwa 6 ni 35,000, shuka mbili na foronya nne. Kitanda chako futi ngapi na upo wapi nikuangalizie usafiri?" Akisema 5 kwa 6, Mbagala, namtumia picha tatu tu za saizi hiyo zilizopo leo, ukimmwagia picha 20 atakwambia ngoja nichague na ndo imetoka hiyo. Akichagua namwandikia jumla, "Shuka 32,000 na boda 5,000, jumla 37,000. Nilete leo saa 10 au kesho asubuhi?" Akitaja muda ndo natuma lipa namba pamoja na jina litakalotokea, maana akikuta jina asilolijua anaghairi. Akinyamaza namcheki kesho yake mara moja tu, "ya kijivu imebaki moja nikuwekee?" na iwe imebaki moja kweli.

Muuza Viatu: Mi yalonikuta, boda kafika mteja hapokei simu, nauli ya kwenda na kurudi juu yangu. Sahivi hela kwanza, na skrinshoti ya muamala siiamini, nasubiri meseji iingie kwenye simu yangu na salio naangalia.

mama_mashuka: Asante Bi Mapazia, hiyo ya futi ngapi naanza nayo leo. Sasa wa Mwanza huko je, nikisema hela kwanza si ndo anakimbia?

Bi Mapazia: Huyo anaogopa kutapeliwa, bei wala sio shida yake. Mpigie video kol akuone na shuka lake mkononi, ulikunjue aone rangi. Mi nachukua nusu, napeleka mzigo ofisi ya basi, naipiga picha risiti ya kifurushi namtumia pamoja na namba ya ofisi yao ya huko, anamalizia akishaiona.

Muuza Viatu: Na mzigo ukishaondoka asipomalizia? Risiti anayo, anaenda kuuchukua tu.

Bi Mapazia: Ndo maana kwa mgeni nusu yangu inafika bei niliyonunulia. Faida naweza kuipoteza, mtaji hapana.

Muuza Viatu: Kwenye viatu nusu haifiki hiyo bei, mi bado nasema yote kwanza.