Wakuu nimepiga hesabu ya pensheni napata 708,333, barua inasema 551,222. Kosa liko wapi?

Mzee_wa_Kalamu:
Habari zenu wakuu. Nimeomba makadirio ya pensheni yangu maana naruhusiwa kustaafu mwezi ujao, ila nikitaka naweza kubaki mwaka mmoja zaidi. Kijitabu cha mfuko kinasema kila mwaka wa utumishi unalipwa 1/60 ya mshahara wa mwisho. Mshahara wangu 1,500,000, nimetumika miaka 28 na miezi 4, yaani miezi 340. Nikazidisha nikagawanya nikapata 708,333 kwa mwezi. Leo barua imekuja, 551,222! Mke wangu anasema nimeibiwa, mimi sijui hata nianzie wapi. Nani anajua hizi hesabu?

Chaurembo:
Pole mkuu. Hapo wamekukata kwa sababu unatoka mapema kabla ya umri kamili, kaka yangu walimfanyia hivyohivyo.

Mzee_wa_Kalamu:
Hapana ndugu, umri kamili nimeshaufikisha mwaka jana.

Mama_Leja:
Kaka kabla hatujamwita mtu mwizi nijibu vitu viwili. Huo mshahara wa 1,500,000 umeanza kuulipwa lini? Na je, uliwahi kuchukua likizo bila malipo? Halafu fungua kijitabu sehemu ya maana ya maneno uone "mshahara wa mwisho" wameuelezaje, watu wengi hawafikagi huko.

Mzee_wa_Kalamu:
Dada umejuaje. Nilipanda cheo miezi 6 iliyopita. Kabla ya hapo nilikuwa 1,200,000 kwa miezi 18, na mwaka mmoja nyuma ya hapo 1,080,000. Likizo bila malipo ndiyo, nilichukua mwaka mzima zamani kumuuguza mama. Kijitabu kinasema ni wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 ya mwisho, kumbe!

Kijana_Mchango:
Mimi kwangu nikiingia kwenye akaunti naona salio na faida ya uwekezaji tu, hizo 1/60 sijawahi kuziona. Ina maana na mimi napunjwa?

Mama_Leja:
@Kijana_Mchango wewe mfuko wako ni wa aina nyingine, unalipwa kilichomo kwenye akaunti, fomula hii haikuhusu.

Sasa kaka turudi kwako. Chukua miezi 12 ya 1,080,000, jumlisha miezi 18 ya 1,200,000, jumlisha miezi 6 ya 1,500,000. Jumla 43,560,000, gawanya kwa 36 unapata 1,210,000. Huo ndio mshahara wako wa mwisho machoni pa mfuko, hata kama slipu ya mwezi huu inasema kingine. Miezi 340 toa 12 ya likizo inabaki 328. Miaka 60 ni miezi 720, kwa hiyo:

```
1,210,000 x 328 / 720 = 551,222
```

Imetua palepale, kwa hiyo kikokotoo chao hakina kosa. Likizo peke yake imekugharimu kama 20,167 kwa mwezi, kilichobaki chote ni wastani.

Chaurembo:
Basi hiyo ya wastani naijua, ila na miezi huwa hawahesabu, wanachukua miaka iliyotimia tu.

Mama_Leja:
Ipo mifuko inafanya hivyo kweli. Ila kwa huyu wangechukua miaka 27 mitupu ingetoka 544,500, na barua haisemi hivyo.

Kaka, kinachoniuma mimi ni hiki. Ukibaki huo mwaka mmoja, ile miezi 12 ya 1,080,000 inadondoka nje ya hesabu na nafasi yake inaingia miezi 12 ya 1,500,000. Wastani unapanda hadi 1,350,000 na utumishi unarudi miezi 340:

```
1,350,000 x 340 / 720 = 637,500
```

Yaani 86,278 zaidi kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako. Mwaka wa kawaida ungekuongezea 20,167 tu, huu wako ni mnono kwa sababu ya kile cheo. Ila hakikisha kwanza nyongeza yote imeingia kwenye mshahara wa msingi, maana kama sehemu yake ni posho hesabu hii inaanguka.

Mzee_wa_Kalamu:
Nimeangalia slipu, yote ni msingi. Dah, na nilishaandika barua ya kuaga, ipo kwenye droo. Shida ni mgongo, sijui kama unanivusha mwaka mwingine.

Chaurembo:
Kuna mifuko inaruhusu kulipia michango ya kipindi cha likizo ili miezi irudi. Ulizia.

Mama_Leja:
Hapo Chaurembo kasema, ila uliza bei kabla hujashangilia. Mara nyingi wanadai kwa mshahara wa sasa na si wa enzi zile, na unajilipia na fungu la mwajiri. Wakikutajia kiasi, gawanya kwa 20,167 uone ni miezi mingapi ya pensheni mpaka hela yako irudi.

Mzee_wa_Kalamu:
Kesho asubuhi naenda. Ile barua bado iko kwenye droo.