Naomba ushauri: kamera mpya kwa theluthi moja ya bei

Ndugu wanachama, nimekuta duka la mtandaoni linalouza kamera mpya kwa theluthi moja ya bei ya wauzaji wengine wote, nami nimesita kulipa, kwa kuwa sidhani hata muuza jumla huipata kwa kiasi hicho. Nilipochunguza usajili wa jina la tovuti kupitia WHOIS, niliona limesajiliwa wiki 3 zilizopita, ilhali chini ya ukurasa wameandika kwamba wanahudumia wateja tangu mwaka 2009. Picha yao nayo, nilipoitafuta mtandaoni, ilijitokeza katika tangazo la muuzaji mwingine, ikiwa na mkwaruzo uleule kando ya lenzi (kamera mpya yenye mkwaruzo!). Nilipotaka kulipa kwa kadi, ili niweze kudai fedha kupitia benki mzigo usipofika, muuzaji alisema malipo ya kadi yana hitilafu kwa leo, akanitumia akaunti yenye jina la mtu binafsi.

Je, yawezekana ni duka la zamani lililohamia anwani mpya, na nitalithibitishaje hilo bila kutegemea namba ya simu waliyoiweka wao wenyewe?