Aya ya shukrani kwenye barua ya kuacha kazi: iandikwe vipi, na iishie wapi?

Mtunza stoo, Morogoro: Ndugu zangu, nimefanya kazi kiwandani miaka tisa. Niliingia nikiwa kibarua wa kupakia magunia, leo natunza stoo. Nimepata kazi kwingine na barua ya kuacha nimeshaiandika. Aya ya mwisho inasomeka hivi: "Natoa shukrani zangu za dhati kwa uongozi mzima kwa kunilea kama mtoto wa familia kwa miaka yote tisa. Naondoka nikiwa na moyo mweupe, sina kinyongo wala dai lolote kwa kampuni." Mke wangu anasema nimejishusha mno. Rafiki yangu anasema nisishukuru kabisa, kwa sababu tangu 2022 nimekaimu ukuu wa stoo bila posho. Nyie mnasemaje?

Mwalimu mstaafu, Tanga: Mwanangu, shukuru. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nimeandikia watu barua za namna hii tangu enzi za taipureta. Wengi walioondoka kwa maneno makali walirudi baadaye kutafuta saini ya mtu yuleyule. Uliingia mlango ule ukiwa mbeba magunia, unatoka una ujuzi. Hilo halisemwi kwa aibu.

Dereva wa malori, Dar es Salaam: Shikamoo mwalimu, lakini hapo sikubaliani. Barua ni ushahidi. Ukishaandika asante, kesho ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai chako, wanakuonyesha asante yako mwenyewe. Mimi niliandika "nashukuru kwa yote", na nilipodai likizo zangu meneja akaniuliza, "si ulishukuru kwa yote?" Aandike tarehe, asaini, aondoke.

Afisa rasilimali watu, Dodoma: Kaka dereva, una hoja, ila umemkamata asiye na kosa. Nimepokea barua hizi kwa miaka kumi na miwili na sijaona asante peke yake ikimnyima mtu haki yake. Kinachomponza ndugu yetu ni maneno matatu: "wala dai lolote". Hiyo si shukrani tena, amejifungia mlango kwa mkono wake. Huenda mwamuzi asiyachukulie kuwa ndiyo mwisho wa mambo, lakini kwa nini umpe mwajiri sentensi ya kusoma mbele ya mwamuzi wakati posho ya kukaimu hujalipwa? Futa kuanzia "sina kinyongo" hadi nukta.

Kosa la pili liko kwenye "kunilea kama mtoto wa familia". Hatuambiwi ulijifunza nini, wala nani alikufundisha. Meneja akiisoma anaona maneno aliyokwisha kuyasoma kwa watu ishirini. Shukrani inayobaki ni ile yenye kitu ndani. Nani alikushika mkono kwenye stoo?

Mtunza stoo, Morogoro: Mzee mmoja, mkuu wa stoo aliyestaafu 2022. Mwaka 2017 alinitoa kwenye magunia akanifundisha kujaza kadi za stoo. Jioni tulihesabu magunia pamoja, nikisema 412 na kadi ikisema 415, haturudi nyumbani hadi tuyapate yale matatu. Alipoondoka yeye ndipo nikaachiwa nafasi yake.

Afisa rasilimali watu, Dodoma: Basi aya yako ni hiyo uliyotuandikia sasa hivi.

Mama lishe, Iringa: Mimi naona msimchoshe kijana. Siku ya kuagwa aseme machache, awanunulie wenzake soda, yatosha. Binti yangu alipoacha kazi hotelini alisimama akalia, hata wakubwa walilia naye. Mpaka leo wanampigia simu sikukuu.

Mwalimu mstaafu, Tanga: Bibi, hotuba ni hotuba na barua ni barua. Machozi hayawekwi kwenye faili.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Arusha: Niongeze la sheria, maana mnazungumzia shukrani kana kwamba ndiyo barua yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28, na mkataba unaweza kutaka zaidi. Hayo yatangulie. Nimeona barua iliyoanza na aya tatu za kumsifu mkurugenzi, siku ya mwisho ya kazi haikutajwa, watu wakabishana mwezi mzima notisi ilianza lini.

Sasa sababu na shukrani zisipingane. Ukiandika sababu ni kazi mpya, shukrani inakaa vizuri. Lakini kuna anayeacha kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, na sheria inamtambua kama aliyeachishwa. Huyo akiandika "nashukuru kwa mazingira bora ya kazi" amejipinga mwenyewe ukurasa uleule. Huyo ndiye ningemwambia asishukuru mazingira hata kwa neno moja. Ndugu wa Morogoro si huyo. Yeye anafuata kazi nzuri zaidi na ana dai la posho pembeni.

Dereva wa malori, Dar es Salaam: Hapo nimeelewa. Kumbe yangu iliharibika kwenye "kwa yote". Je, dai la posho aliandike kwenye barua hiyohiyo?

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Arusha: Mimi nasema aliandike, sentensi moja, bila hasira. Madai ya malipo yanapelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro kuanza, naye amekaa nalo tangu 2022. Asizidi kuchelewa. Akusanye barua ya kukaimu na hati za mishahara, aombe ushauri kabla siku ya mwisho haijafika.

Afisa rasilimali watu, Dodoma: Mimi nasema aliandike kwenye barua ya pili, siku hiyohiyo. Ya kwanza inapita mikono mingi na ndiyo itakayosomwa mwajiri mpya akipiga simu. Cheti cha utumishi ni haki yake hata asiposhukuru. Neno zuri kwenye simu ndilo haliwezi kudaiwa Tume.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Arusha: Barua mbili, moja hupotea. Nimeliona mara nyingi, na inayopotea kila mara ni ya madai.

Afisa rasilimali watu, Dodoma: Ndiyo maana nakala zote mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa, abaki nazo. Hapo tutabaki tukitofautiana, mwakilishi.

Mtunza stoo, Morogoro: Nimeandika upya. Notisi, sababu na siku ya mwisho viko juu. Aya sasa ni hii: "Nashukuru kwamba mwaka 2017 nilitolewa kwenye upakiaji nikafundishwa kutunza stoo. Mkuu wa stoo wa wakati huo alinifundisha kuhesabu mali mpaka kadi na magunia vilingane, na ujuzi huo ndio ulionipatia kazi ninayoiendea. Katika siku zangu za notisi nitamkabidhi atakayenipokea kadi zote na hesabu kamili." Mke wangu ameisoma mara mbili, amesema sasa nimesimama wima. Posho nimeiweka kwenye barua ya pili. Lakini jina la mzee nilitaje? Meneja wa sasa hakuelewana naye.

Mwalimu mstaafu, Tanga: Litaje.

Afisa rasilimali watu, Dodoma: Cheo kinatosha. Jina mpelekee mwenyewe, pamoja na nakala ya barua.