Risiti moja, picha mbili, kundi moja: nizikamateje bila kutupa zilizo halali?

mtunzadaftari

Wakuu, habari zenu. Naingiza risiti za matumizi kwenye mfumo. Mtu anapiga picha karatasi zake zote kwa simu, ananitumia folda, kisha programu inasoma maandishi na kunipa jedwali lenye tarehe, namba ya muuzaji, namba ya risiti na jumla.

Folda ya safari hii ina picha 400. Karatasi nilizihesabu kwa mkono kabla hazijarudishwa kwa mwenyewe, zikawa 387. Kwa hiyo kuna picha 13 za ziada.

Nilianza na SHA-256 kwa kila faili. Sikupata hata jozi moja. Nikaenda Excel, nikabonyeza Remove Duplicates kwa tarehe na jumla, ikaniondolea mistari 22. Nilipoirudia kwa macho nikakuta imeondoa tiketi za maegesho ambazo ni halali kabisa, siku moja na bei moja, ila moja ya asubuhi na nyingine ya jioni. Nimerudisha jedwali lilivyokuwa. Nifanyeje?

kasi_ya_umeme

SHA-256 haiwezi kukusaidia, mkuu. Mkono ukitikisika kidogo tu, baiti zote zinabadilika. Unataka heshi inayoangalia sura ya picha:

```python
import imagehash
from PIL import Image
a = imagehash.dhash(Image.open("IMG_0211.jpg"))
b = imagehash.dhash(Image.open("IMG_0212.jpg"))
print(a - b)
```

Namba ikiwa chini ya 10, hiyo ni picha moja. Futa moja, maliza kazi.

mzee_wa_stoo

Haya mambo nayajua. Kuna jamaa alinidai risiti ileile mara mbili, mara ya kwanza mwezi wa tatu, ya pili mwezi wa tano, akadhani nimesahau. Tangu siku hiyo kila risiti iliyolipwa naipiga muhuri katikati, juu ya maandishi. Mpigie muhuri huyo.

mtunzadaftari

Shikamoo mzee. Huyu wangu hajadai mara mbili, zote zimo kwenye folda moja ya siku moja. Nadhani picha ya kwanza ilitoka na ukungu akarudia.

@kasi_ya_umeme nimejaribu. Imeniletea jozi 64 zilizo chini ya 10. Nyingi ni risiti tofauti kabisa.

bi_lejari

Lazima zije nyingi. dHash inaipunguza picha hadi nukta 9 kwa 8. Kwa picha za mandhari inafaa, lakini risiti ikifika hapo maandishi yote yamekwisha. Kinachobaki ni ukanda mweupe juu ya meza yenye giza, na risiti zako zote zimepigwa juu ya meza hiyohiyo. Halafu risiti ileile ikigeuzwa ubavu, dHash inaiona ngeni. Mimi naitumia kupanga foleni ya kukagua tu, sifuti kitu kwa neno lake.

Hebu kwanza niambie: kati ya ile mistari 22, mingapi ilikuwa na tarehe na jumla tupu?

mtunzadaftari

Mistari 9. Kwenye jedwali iko 10 iliyo tupu hivyo, Excel ikaacha mmoja.

bi_lejari

Ndipo ulipoumia zaidi. Kwa Remove Duplicates, tupu na tupu ni sawa. Risiti 10 ambazo programu ilishindwa kuzisoma zikageuka risiti moja. `drop_duplicates` ya pandas nayo inafanya hivyohivyo. Ukilinganisha safu kwa safu, ruhusu majibu matatu: sawa, tofauti, na sijui. Tupu ni sijui. Haiunganishi jozi wala haiitenganishi.

Baada ya hapo namba ya risiti ndiyo inayoamua, ikiwa pamoja na namba ya muuzaji. Tiketi zako za maegesho zinafanana kila kitu, ila namba hazifanani, basi ni karatasi mbili.

Tatizo ni kwamba namba nayo husomwa vibaya. Chukua jozi hii:

```
IMG_0211  0071836  48,500
IMG_0212  007183G  43,500
```

Namba za muuzaji huyu ni tarakimu tupu, kwa hiyo G imeingia kwa makosa, na 6 ndiyo inayofanana nayo. Rekebisha. Jumla zimetofautiana 8 na 3, nazo huchanganywa mno kwenye karatasi iliyofifia. Ukiangalia saa iliyochapwa kwenye risiti zote mbili ukaikuta ni ileile hadi sekunde, hiyo ni karatasi moja.

Lakini usiweke sheria ya jumla kwamba herufi moja ikitofautiana ni marudio. 0071836 na 0071837 zimetofautiana herufi moja, na ni wateja wawili waliofuatana kwenye foleni! Herufi dhidi ya tarakimu, rekebisha. Tarakimu dhidi ya tarakimu, fungua picha.

Na usifute. Weka safu ya `marudio_ya`, andika jina la picha unayoibakiza, ile inayosomeka vizuri zaidi.

kasi_ya_umeme

Sawa, kwa dHash nimekubali. Lakini kuna `DateTimeOriginal` ndani ya picha. Zikipishana sekunde tatu nne, si ndiyo marudio hayo?

bi_lejari

Anayepiga karatasi 387 anapiga moja kila sekunde chache, kwa hiyo jirani yeyote atapishana na mwenzake hivyo. Ukaribu unakwambia uanzie wapi kutazama. Na yupo mtu anayefika mwisho wa rundo, anashuku kuna karatasi ameiruka, anarudia ya katikati. Hapo hakuna ukaribu wowote. Tena picha zikipitia programu za kutumiana ujumbe, data hizo mara nyingi hupotea.

Ukifungua picha mbili, acha kusoma maandishi. Tazama mkunjo. Ukipita juu ya herufi ileile kwenye picha zote mbili, na tundu la pini liko palepale, umemaliza. Mashine inaweza kuchapa risiti mbili zenye maneno mamoja, lakini mkunjo haujirudii hivyo.

mtunzadaftari

Nimerudi. Ile njia ya majibu matatu imenipa jozi 31 za kukagua badala ya kupitia picha zote. Nimepata marudio 10 ya uhakika. Manane yalikuwa kwenye zile 22 za mwanzo, mawili Excel iliyakosa kwa sababu jumla ilisomwa vibaya.

Halafu kuna kituko: risiti mbili ndefu zilipigwa vipande, juu na chini. Hizo si marudio, ni picha mbili za ziada kwa karatasi mbili, na ningefuta kipande ningepoteza ama bidhaa ama jumla. Kwa hiyo 10 na 2 ni 12. Imebaki moja.

Ninayoishuku ni jozi ya risiti za kuandikwa kwa mkono, hazina namba. Mwandiko mmoja, tarehe moja, jumla moja. Moja wino ni wa bluu umekolea, nyingine imepauka na ina ukungu. Mkunjo siuoni.

mzee_wa_stoo

Hiyo iliyopauka isije ikawa nakala ya kaboni. Kwenye kitabu cha risiti ukurasa wa juu ni wa mteja, wa chini unabaki kwa muuzaji, lakini wengine huchana vyote wakampa mteja. Tazama muhuri: ukigongwa baada ya kuchanwa, hautakaa mahali pamoja kwenye kurasa zote mbili.

bi_lejari

Mzee amesema kweli. Na ikiwa ni kaboni, hizo ni karatasi mbili na matumizi mamoja. Unaondoa rekodi moja, lakini hesabu ya picha haijafungwa, kwa sababu zote mbili zimo kwenye 387 zako. Picha ya 13 itakuwa bado iko kwingine.

kasi_ya_umeme

Au 387 yenyewe ilikuwa 388.

mtunzadaftari

Nilihesabu mara moja tu, siwezi kubisha. Muhuri kwenye ile yenye ukungu umekatwa na ukingo wa picha. Nimemwandikia mwenye karatasi anipigie upya hizo mbili, zikiwa zimelazwa pamoja kwenye picha moja.

bi_lejari

Hapo sawa. Hadi atakapojibu, acha `marudio_ya` ya mstari huo tupu.