Ushauri: Nitie alama vipi aya za kuruka, msemaji aliyenitangulia akila muda wangu?

Binti_Igombe
Wakuu, habari za usiku. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa hapa Igombe. Wiki iliyopita nilipewa dakika 15 kuzungumza kwenye mkutano wa wadau mjini Mwanza. Aliyenitangulia alipangiwa 20, akaenda karibu nusu saa. Nikiwa bado nimekaa, mshereheshaji akanipitishia kikaratasi: "Dakika 8 tafadhali."

Hotuba yangu ilikuwa kurasa sita, maneno yameshonana. Nikaanza kuruka kwa macho nikiwa nimesimama. Nikaruka kisa cha mwenzetu mmoja aliyeacha kuanika mchangani akahamia kwenye chanja, halafu ukurasa wa mbele nikajikuta nasoma, "Ndiyo maana yule mama leo anapata bei nzuri." Yule mama gani? Watu wakatazamana. Kibaya zaidi, muda uliisha sijafika kwenye ombi. Akina mama walinituma nikaombe nguzo na nyavu za chanja, nikarudi sijaomba. Imeniuma mpaka leo.

Alhamisi ijayo nina nafasi nyingine, dakika 15 tena. Nataka safari hii aya za kuruka nizitie alama mapema. Mnafanyaje?

Chapa_Kengele
Dada pole. Hapo kosa ni la mshereheshaji. Mimi naongoza sendofu na harusi huku Buzuruga, na kengele yangu ya mezani haitoki mkononi. Zikibaki dakika mbili nagonga mara moja, muda ukiisha nagonga mara mbili na kusogea karibu na kipaza sauti. Waambie waandaaji watafute mtu wa aina hiyo.

Binti_Igombe
Asante kaka, ila mshereheshaji simchagui mimi. Ninachoweza kukishika ni karatasi yangu tu.

Nyakato_Juu
Rahisi sana. Andika kama taarifa ya habari ya redio: yenye uzito yatangulie, ya ziada yakae mwisho. Ukiambiwa muda umeisha, unakata mkia unakaa chini. Alama za nini?

Karani_Mstaafu
Mwanangu, pole. Nimewaandikia wakubwa hotuba kwa miaka mingi, na hilo la kuliwa muda lilitupata karibu kila hafla.

Kwanza nimjibu Nyakato. Kutanguliza ombi ni sawa, na ningekushauri ulitaje kwa sentensi moja mara tu baada ya salamu. Ila usikate mkia. Ukumbini watu hushika ulichosema mwisho kabla hujakaa, na hapo ndipo ombi lako linapotakiwa kusikika kamili. Kinachotolewa ni cha katikati.

Sasa alama. Kila aya ya hiari ipe karatasi yake peke yake, hata ikijaza nusu ukurasa tu. Sentensi isianzie ukurasa mmoja ikaishia mwingine. Pembeni piga mstari wa kalamu nyekundu kutoka neno la kwanza la aya hadi la mwisho, kisha kona ya juu andika mambo mawili: inakula dakika ngapi, na ni ya ngapi kutolewa. Ya 1 ndiyo inayotoka kwanza, ya 2 ndiyo inayofuata. Usibane karatasi kwa pini. Kikaratasi cha mshereheshaji kikikufikia ukiwa bado kwenye kiti, unachomoa zinazotosha na kuziweka chini kabisa ya furushi. Ukifika kwenye kipaza sauti huchagui tena, unasoma kilichobaki.

Kazi kubwa iko kwenye viungo. Soma kwa sauti sentensi ya mwisho kabla ya aya ya hiari, ruka, usome ya kwanza baada yake. Ukisikia "yule", "hiyo" au "kama nilivyosema", na kinachorejewa kiko kwenye karatasi iliyotoka, badilisha. Na kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada, kwamba kiambishi peke yake kinabeba mtu au kitu. Ukianza aya na "Anauza" au "Inajengwa", msikilizaji anahitaji nomino aliyoisikia nyuma. Kwa hiyo aya inayofuata ya hiari ianze na jina lenyewe. Na usitangulize "nina mambo matatu". Ukitoa moja, watu watakuwa wanahesabu vidole.

Soma yote kwa sauti, ukipima kila aya kwa simu, kisha nitumie dakika.

Binti_Igombe
Nimekaa nimesoma kwa mwendo wa ukumbini, mzee. Salamu na utangulizi dakika 1 na nusu. Hasara ya kuanika mchangani 2. Historia ya kikundi 2. Kisa cha mama wa chanja 2 na nusu. Ujenzi na gharama ya chanja 2. Mvua na soko 2. Ombi 2. Kufunga 1. Jumla 15 kamili.

Karani_Mstaafu
Kumi na tano kamili ni nyingi mno kwa nafasi ya 15. Kuna kupanda jukwaani, kuna makofi. Historia ya kikundi iwe ya 1 kutoka, na hata siku ya muda mzuri ningeisoma tu kama nimeanza kwa wakati. Mvua na soko iwe ya 2. Hapo umebaki na 11. Kisa kiwe cha 3, unabaki na 8 na nusu. Wakikupa 8 bado umezidi, kwa hiyo andaa na salamu fupi kwenye karatasi nyingine: badala ya kutaja wageni mmoja mmoja, "itifaki imezingatiwa", nusu dakika umemaliza. Sasa ni 7 na nusu. Mchanga, chanja, ombi na kufunga havina mstari mwekundu, havitoki hata wakikubana vipi.

Nyakato_Juu
La mkia nimekuelewa mzee. Ila kisa kutoka kabla ya gharama sikubali. Watu watasahau bei ya nguzo, lakini mama aliyekuwa akiokota dagaa wenye mchanga hawatamsahau. Toa gharama.

Karani_Mstaafu
Inategemea nani amekaa mbele. Mwenye fungu la fedha atauliza "shilingi ngapi?", na ombi lisilo na gharama analipeleka kwenye kikao kingine. Wakiwa wavuvi na wachuuzi watupu, ningefanya kama unavyosema.

Mkalimani_Ilemela
Mimi natafsiri kwa lugha ya alama. Tafadhali, anayetafsiri apewe nakala yenye mistari hiyo hiyo, na kabla hujapanda muoneshe kwa vidole karatasi zilizotoka. Nimewahi kuachwa namsubiri msemaji kwenye ukurasa wa tatu, kumbe yuko wa tano.

Kamanga_Asubuhi
Na sisi tunaosoma kwenye simu? Karatasi za kuchomoa hatuna.

Mkalimani_Ilemela
Niliowaona wakifanya vizuri huweka mafaili mawili, refu na fupi, wakafungua moja kabla ya kusimama. Kukimbiza kidole kutafuta aya mbele za watu kunapoteza mstari. Lakini wakikupunguzia muda ukiwa tayari unaongea, hapo sijaona dawa ya simu.

Binti_Igombe
Nimejaribu viungo usiku huu. Aya ya gharama ilianza "Inajengwa kwa nguzo na nyavu", na nilipotoa kisa kikawa hakuna kinachojengwa. Nimeandika "Chanja inajengwa." Na "yule mama" alikuwa amejificha hata ndani ya ombi, nimeweka "mwanakikundi mwenzetu mmoja".

Mzee, swali la mwisho. Nikiruka, niwaambie watu kwamba nimeruka kwa sababu ya muda?

Karani_Mstaafu
Usiwaambie. Hawajui kulikuwa na nini, na sentensi hiyo yenyewe inakula muda.

Chapa_Kengele
Mzee, mimi ningemshauri aseme. Waandaaji wasiposikia, mwakani watamla muda tena.

Binti_Igombe
Hilo nitawaambia pembeni, kwenye chai. Kesho nachapa upya, karatasi nane na ile ya salamu fupi, bila pini.