Tupeane uzoefu: mnaofagia barabara alfajiri, mji unawaachia nini?

Fagio la Alfajiri
Nimefagia njia moja kwa miaka tisa. Naingia saa kumi usiku, magari yakiwa bado machache. Uchafu mwingi haukai katikati ya barabara, maana matairi huusukumia pembeni, kwa hiyo kazi yangu iko kwenye ule ukanda mwembamba kando ya ukingo. Upepo nauweka mgongoni. Vumbi nalinyunyizia maji kidogo tu, kwa sababu ukizidisha linakuwa tope na kuganda kwenye njiti.

Ukishaizoea njia, inakueleza ya watu. Mwisho wa mwezi, chini ya ngazi za jengo moja refu, nakuta godoro, kiti kisicho na mguu, mifuko ya nguo iliyofungwa haraka. Najua kuna aliyehama usiku, au aliyehamishwa. Mwaka jana katika rundo kama hilo nilikuta madaftari ya mtoto, na ndani ya daftari moja kadi yake ya chanjo. Daftari la hesabu lilikuwa limefika nusu, masahihisho ya mwalimu yako pale. Sikuweza kulitupa. Niliifunga kadi ndani ya nailoni nikaiweka juu ya ukuta mdogo karibu na mlango. Siku ya nne sikuikuta. Sijui ni mama yake aliyeichukua au ni upepo. Nanyi mmekutana na nini?

Mzee wa Mitaro
Mimi nilisimamia wafagiaji, kisha nikahamia kuzibua mitaro. Watu hulaumu nailoni peke yake. Nailoni inashika kwenye nondo za mfuniko, sawa, lakini kinachoziba kabisa ni mchanga unaotuama nyuma yake.

Kulikuwa na kona moja iliyofurika kila mvua, hata manyunyu. Tulizibua mara tatu. Mara ya nne nikaenda alfajiri, kabla ya kazi kuanza, nikatazama ukingo. Kulikuwa na mstari wa majani makavu na vipisi vya sigara umegandia usawa wa kifundo cha mguu; hapo ndipo maji yalipofika yaliposimama. Mfuniko wa chini yake ulikuwa mkavu, maana yake maji hayakuwa yakiufikia. Nikasubiri. Mfagiaji wa juu akaja, akakusanya vizuri sana, halafu rundo lote akalisukumia kwenye tundu la mtaro. Nilipomuuliza alisema gari la taka huchelewa, na rundo likibaki barabarani hadi watu waamke, yeye ndiye anayekemewa. Sikuweza kumlaumu. Tulikubaliana marundo yakae mbali na tundu, hatua kumi hivi, na apewe magunia. Kona ilitulia. Gari bado linachelewa.

Kijana wa Toroli
Mzee, vipisi vya sigara si tatizo. Ni karatasi na pamba, vinaoza vyenyewe.

Mzee wa Mitaro
Karatasi ya nje ndiyo, inalainika upesi. Kile kichungi si pamba, ni nyuzi za plastiki. Mimi huvikuta mtaroni karatasi ikiwa imeshaondoka na kichungi kiko vilevile. Lakini uko sahihi kwamba si vipisi vilivyoziba ile kona.

Nimepoteza Funguo
Samahani, naona wafagiaji mko hapa. Nilidondosha funguo zenye kamba nyekundu wiki iliyopita nikishuka kwenye basi. Mkizipata mnazipeleka wapi?

Fagio la Alfajiri
Pole sana. Kila mmoja wetu ana utaratibu wake, na hilo ni kosa letu. Muulize mfagiaji wa kituo ulichoshukia, uende mapema, kabla rundo halijapanda gari.

Mama Glavu
Mimi mji uliniachia sindano. Mfuko ulionekana mwepesi, nikaukandamiza kwa kiganja ili uingie kwenye gunia. Ilipenya glavu. Nilitaka kukamua kidole kitoe damu, mwenzangu akanizuia, akaniosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, tukaenda hospitali asubuhi ileile. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na isipite saa 72. Nilimeza siku 28, vipimo vikaja salama. Tangu hapo sikandamizi mfuko, wala siubebi ukagusa paja. Naushika shingoni na kuuweka mbali na mwili. Na mwenye sindano nyumbani namwomba aiweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, aipeleke kituo cha afya.

Kijana wa Toroli
Hiyo sikuijua. Mimi huwa nakanyaga mifuko ili toroli libebe zaidi.

Mama Glavu
Acha leo hii, mwanangu. Viatu vyako vina soli gani?

Fagio la Alfajiri
Nimerudi kuuliza jambo. Juzi nimekuta cheti cha kuzaliwa, kimelowa lakini jina linasomeka. Nikipeleke ofisi gani? Nimekianika kati ya magazeti mawili.